Nyimbo za kusalimiana: darasa la awali, Pangani

Nyimbo hizi huimbwa asubuhi mkekani, kabla daftari halijafunguliwa, isipokuwa ule wa mwisho, ambao ni wa kuagana. Watoto hukaa duara, miguu wameikunja. Kinachopita mkononi ni kifuu cha nazi kilichosuguliwa kwa mchanga mpaka kikawa laini. Mwenye kifuu ndiye mwenye zamu: wengine husikiliza na kupiga makofi, na kifuu hakiondoki mkononi mwake mpaka salamu aliyoitoa iitikiwe.

Kifuu kinazunguka

*(Wote, makofi polepole. Kifuu hupita kulia.)*

Kifuu kinazunguka,
mkononi kinashuka,
kwa nani kimeshafika?
Aliye nacho, tamka!

*(Makofi kimya. Leo kimesimama kwa Salimu. Anamgeukia aliye kulia kwake.)*

Salimu: Neema, hujambo?
Neema: Sijambo. Wewe hujambo?
Salimu: Sijambo. Shika kifuu.
Neema: Ahsante.

*(Wote, makofi ya haraka.)*

Salamu imeitikwa,
Neema kakipokea!

Kisha wimbo unaanza upya, na Neema anamsalimu Mwanaidi. Jina refu kama la Mwanaidi linameza ile "ki": *Mwanaidi kapokea!* Jina fupi linaongezewa "naye" ili mdundo usipotee: *Juma naye kapokea!* Watoto wakishauzoea, kila mmoja huanza kujipimia jina lake mwenyewe, na hapo ndipo wimbo unanoga.

Mtoto ambaye sauti haijatoka apunge mkono tu, na darasa zima limsemee "Sijambo" kwa sauti ya chini. Kifuu kinapita kwake kama kwa wenzake. Hakuna kurukwa.

Njiani kuja shule

Huu ndio wimbo mrefu, na ndio wanaoupenda kuliko zote kwa sababu una watu wanaowajua. Mtoto mmoja anakuwa babu na kukalia kigoda, mwingine anakuwa bibi mwenye kikaango, mwingine mjomba mwenye ndoo. Wanaobaki wanapanga mstari na kutembea. Wa mbele ndiye anayeamkia, kisha anarudi nyuma ya mstari, na wa pili anakuwa wa mbele.

Nimetoka kwetu sasa,
begi langu mgongoni,
namkuta babu yetu,
amekaa barazani.

Mtoto: Shikamoo, babu!
Babu: Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo?
Mtoto: Sijambo, babu.
Babu: Baba na mama hawajambo?
Mtoto: Hawajambo, babu.
Wote: Twende, twende, tusichelewe!

Nanusa harufu nzuri,
namwona bibi kaketi,
vitumbua motomoto
ageuza kwa kijiti.

Mtoto: Shikamoo, bibi!
Bibi: Marahaba, mjukuu wangu. Umeamkaje?
Mtoto: Nimeamka salama, bibi.
Bibi: Haya, shika kimoja. Cha moto hicho!
Mtoto: Ahsante, bibi. *(Anapuliza: fuu, fuu.)*
Wote: Twende, twende, tusichelewe!

Mjomba atoka pwani,
na dagaa kwenye ndoo,
nasimama kwa adabu,
namwambia shikamoo.

Mtoto: Shikamoo, mjomba!
Mjomba: Marahaba, mjomba! Za nyumbani?
Mtoto: Nzuri, mjomba. Za baharini?
Mjomba: Nzuri. Bahari shwari leo.
Wote: Twende, twende, tusichelewe!

Mlangoni mwa darasa,
nani huyo? Ndiye Juma!
Rika langu, mwenzi wangu,
tunacheza naye ngoma.

Mwalimu: Nimwambie Juma "shikamoo"?
Wote: Aaa-aa!
Mwalimu: Juma ana mvi?
Wote: Hana!
Mwalimu: Basi nimwambieje?
Mtoto: Mambo, Juma?
Juma: Poa! Mambo?
Mtoto: Poa!

*(Wanagonganisha ngumi, kila mmoja anakaa mahali pake.)*

Pale kwenye mvi watoto hucheka kila siku kama vile hawajawahi kusikia, na waachwe wacheke. Ni hapo wanapoishika ile tofauti: mkubwa anaamkiwa, wa rika anaulizwa hali. Mwalimu asiharakishe kuingia ubeti mwingine. Babu akisahau kuitikia "Marahaba", mstari mzima unasimama na kumngoja, na mwamkiaji anarudia kwa upole: *Shikamoo, babu.* Kwa kawaida mtoto aliye kwenye kigoda hukumbuka mwenyewe.

Hodi, mwenye nyumba

Wanaotoka Bweni huvuka mto kwa kivuko, na kivuko kina saa zake. Wakifika, wenzao wameshaanza. Basi wimbo huu ni wao kwanza: hawaingii wameinamisha vichwa kama waliokosa, wanapiga hodi na kupokewa. Siku ambayo hakuna aliyechelewa, kanga mbili zinatundikwa kwenye kamba kuwa mlango, na watatu wanatoka nje.

Aliye nje: Hodi, hodi, mwenye nyumba!
Walio ndani: Karibu, nani mwenzetu?
Aliye nje: Ni mimi, jina Rehema.
Walio ndani: Ingia, vua viatu!

*(Rehema anavua viatu, anavipanga, anapita kwenye kanga.)*

Rehema: Habari za asubuhi?
Walio ndani: Njema, na zako, mwenzetu?
Rehema: Zangu njema, nimevuka.
Walio ndani: Kaa hapa, kando yetu!

Anayependa kuingia kwa "Asalamu alaikum" aingie hivyo, na darasa liitikie "Waalaikumu salaam" kwa pamoja, ndipo wimbo uendelee. Nyumbani kwa wengi wa watoto hawa ndivyo mlango unavyofunguliwa.

Kuna kanuni moja ya mchezo: hodi ni tatu. Aliye nje anapiga ya kwanza, ananyamaza, anahesabu vidole vitatu. Anapiga ya pili, anahesabu tena. Ya tatu isipojibiwa anageuka kuondoka, na hapo walio ndani, ambao walikuwa wamejibana kwa kicheko, hupaza sauti: *Karibu, karibu, usiende!* Kungoja vidole vitatu bila kuchungulia ni kazi ngumu kwa mtoto wa miaka mitano. Wanaoiweza wapigiwe makofi.

Gumba na gumba

Huu ni wa kukaa, mvua inaponyesha na bati linapiga kelele. Kila mtoto anakunja ngumi mbili, magumba yamejificha ndani.

Gumba hili, gumba lile,
yote mawili yalala;
moja laamka mbele,
lamwita mwenziwe: "Salama?"

*(Gumba la kulia linachomoza na kuinama.)*

Gumba la kulia: Umeamkaje, mwenzangu?

*(La kushoto linachomoza polepole.)*

Gumba la kushoto: Nimeamka salama. Wewe je?
Gumba la kulia: Nami salama. Tucheze?
Gumba la kushoto: Tucheze!

*(Magumba yanazungukana, zungu-zungu-zungu, kisha yanakumbatiana.)* Pu!

Mara ya pili, gumba la kulia la Baraka linamwamsha gumba la kushoto la jirani yake. Mtoto asiyethubutu kusalimu kwa jina lake mara nyingi husalimu kwa gumba, na kwa sauti nyembamba ya gumba. Sauti hiyo ipokelewe kama ilivyo.

Kengele imeshalia

Wa kuondokea. Wawili wawili, wamesimama, wameshikana mikono yote miwili.

Kengele imeshalia,
mikono tunashikana,
mikeka tumeikunja,
kwaheri ya kuonana.

Baraka: Kwaheri, Mwanaidi.
Mwanaidi: Kwaheri, Baraka. Wasalimie nyumbani.
Baraka: Zimefika. Nawe wasalimie.
Mwanaidi: Zimefika.

*(Wanaachiana mikono, kila mmoja anapiga hatua moja kulia kwa mwenzi mpya. Wimbo unarudiwa mpaka wameagana na wanne au watano, au mpaka wa Bweni waitwe kuwahi kivuko.)*