Gumzo la laivu: Mwezi unapatwa, 7 Septemba 2025

17:12 msimamizi: Karibuni nyote! Mwezi unapatwa sasa hivi, mubashara. Saa zote humu ni UTC, maana kila mtu yuko pembe yake.

17:12 msimamizi: Giza kamili linaanza 17:30. Bado dakika 18.

17:13 bahari_tulivu: nimefika jamani, nimepitwa na nini?

17:13 msimamizi: @bahari_tulivu karibu sana, hujapitwa. Kivuli cha Dunia kiliugusa Mwezi 16:27. Sasa kimefunika zaidi ya nusu.

17:14 kidole_juu: Kutazama kwa macho matupu kunadhuru?

17:14 msimamizi: @kidole_juu kuutazama Mwezi ukipatwa hakudhuru hata kidogo. Macho matupu, darubini, vyote sawa. Hatari ni Jua likipatwa, hilo usilitazame bila kinga.

17:15 njia_panda: huku mawingu tupu 😭

17:15 msimamizi: Pole @njia_panda. Kaa nasi, kamera yetu ina anga safi.

17:16 fundi_lenzi: Tazameni ukingo wa kivuli, umepinda! Aristoteli alitumia pinda hilo hilo kuonyesha kwamba Dunia ni duara.

17:17 bahari_tulivu: @fundi_lenzi nimeuona! asante, nilikuwa nautazama bila kuuona

17:18 mama_wawili: Mwanangu wa miaka 6 anauliza kama Mwezi umeumia.

17:18 msimamizi: @mama_wawili mwambie Mwezi haujaumia. Dunia imepita katikati ikauzibia Jua, kama mtu akisimama mbele ya taa. Ataondoka tu.

17:19 mama_wawili: Ameuliza mtu huyo ni nani. Nimemwambia ni sisi sote. Anacheka.

17:19 kimya_kidogo: ❤️

17:21 safari_ndefu: picha yangu inakwama kila dakika

17:21 msimamizi: @safari_ndefu picha ikikwama, shusha ubora hadi 480p kwenye alama ya gia. Sauti itabaki vilevile.

17:22 safari_ndefu: imekubali, ubarikiwe

17:24 usiku_mwema: mbona huku nje umefunikwa kuliko kwenye laivu??

17:24 msimamizi: @usiku_mwema laivu yetu inachelewa kama sekunde 20. Nje unaona mapema kuliko sisi. Amini macho yako!

17:25 fundi_lenzi: Na mwanga wenyewe unatoka Mwezini hadi machoni kwa sekunde 1.3 hivi. Intaneti ndiyo inayochelewa.

17:28 msimamizi: Dakika 2 kabla ya giza kamili. Wenye anga safi, tokeni nje. Simu itawasubiri.

17:29 bahari_tulivu: kimebaki kijiukingo tu

17:30 njia_panda: jamani jamani jamani

17:31 usiku_mwema: 🌕🌑🔴🔴🔴🔴🔴🔴

17:31 kimya_kidogo: 🔴🔴🔴😍😍😍🔴🔴

17:31 safari_ndefu: MWEKUNDU KWELI 🔥🔥🔥🔥

17:32 sikio_langu: Samahani wapendwa. Mimi sioni, simu inanisomea gumzo. Inataja kila emoji moja moja. Mngenielezea kwa maneno ningefurahi.

17:32 msimamizi: @sikio_langu asante kwa kusema. Wadau, emoji moja inatosha kwa ujumbe. Hebu kila mtu amwambie anachokiona, sentensi moja.

17:33 usiku_mwema: @sikio_langu samahani sana. Mwezi mzima upo, ila haung'ai. Una rangi ya tofali lililochomwa.

17:33 bahari_tulivu: @sikio_langu ukingo mmoja una wekundu mwepesi, katikati mzito zaidi.

17:34 kimya_kidogo: @sikio_langu nyota ndogo zimetokea kando yake. Dakika kumi zilizopita hazikuonekana kwa mwanga.

17:34 mama_wawili: @sikio_langu mwanangu anasema unaonekana wa mviringo kama mpira, si bapa tena.

17:35 sikio_langu: Huyo mtoto amenipa yote. Endeleeni.

17:36 msimamizi: Tuendelee hivyo hivyo. Yeyote akiona badiliko, aliandike kwa maneno na aanze na @sikio_langu.

17:38 kidole_juu: Kama Dunia imeziba Jua, wekundu unatoka wapi?

17:38 fundi_lenzi: @kidole_juu wekundu unapita kwenye hewa yetu. Hewa hutawanya mwanga wa buluu, mwekundu unapenya, unapinda na kuufikia Mwezi.

17:39 fundi_lenzi: Yaani ungesimama Mwezini sasa, ungeona Dunia nyeusi yenye pete nyekundu: mawio na machweo yote kwa pamoja.

17:39 njia_panda: @fundi_lenzi hiyo nimeisoma mara tatu. Mawingu yangu nimeyasamehe.

17:43 safari_ndefu: giza hili linakaa muda gani?

17:43 msimamizi: @safari_ndefu giza kamili ni dakika 82, hadi 18:52. Kahawa inawezekana.

17:47 bahari_tulivu: kile kinachong'aa upande wa mashariki ni nini?

17:48 fundi_lenzi: @bahari_tulivu upande wa mashariki wa Mwezi ni Zohali. Haimetimeti kama nyota. Pete zake zinahitaji darubini.

17:55 usiku_mwema: @sikio_langu wekundu umezidi kuwa mzito, sasa kama kutu. Mbwa wa jirani amenyamaza pia.

17:56 sikio_langu: Hapa kwangu wadudu wanaimba kwa nguvu. Nawasikiliza wao na ninyi.

18:04 kidole_juu: Kwa nini haupatwi kila mwezi mpevu?

18:04 fundi_lenzi: @kidole_juu si kila mwezi mpevu, kwa sababu njia ya Mwezi imeinama kama nyuzi 5. Mara nyingi unapita juu au chini ya kivuli.

18:11 msimamizi: Sasa ndiyo kilele. Mwezi umezama kabisa kivulini. Kipimo cha Danjon: 0 ni giza sana, 4 ni shaba angavu. Mnaupa ngapi?

18:11 bahari_tulivu: 2

18:12 usiku_mwema: 3 ukingoni, 2 katikati

18:12 kimya_kidogo: 2

18:12 sikio_langu: Kwa mlivyoeleza, naupa 2 na nusu.

18:13 msimamizi: @sikio_langu kura yako imeingia pamoja na zote.

18:20 mama_wawili: Mwezini kuna baridi sasa hivi?

18:20 fundi_lenzi: @mama_wawili ndiyo, baridi kali. Uso wa Mwezi ukipatwa hupoa zaidi ya nyuzi 100 za selsiasi ndani ya saa chache.

18:33 njia_panda: MAWINGU YAMEFUNGUKA

18:33 njia_panda: nauona nauona nauona

18:33 msimamizi: @njia_panda weka simu chini utazame! Una dakika 19.

18:53 kimya_kidogo: @sikio_langu nuru imerudi. Tone moja jeupe ukingoni, kali sana, mashariki.

18:54 fundi_lenzi: Ukingo ulioingia kwanza ndio unaotoka kwanza.

18:55 mama_wawili: Amelala mikononi. Nitamsimulia kesho. Asanteni nyote.

18:57 safari_ndefu: mwingine kamili ni lini?

18:57 msimamizi: @safari_ndefu kupatwa kamili kwingine ni 3 Machi 2026: Asia mashariki, Australia, Pasifiki na Amerika. Baada ya hapo ni 31 Desemba 2028.

18:59 msimamizi: Laivu inaendelea hadi 19:56, kivuli kitakapouachia Mwezi. Zamu yangu imeisha, @zamu_ya_pili yuko nanyi.

19:00 zamu_ya_pili: Nipo! Maelezo kwa @sikio_langu yanaendelea. Nuru sasa ni ukucha mwembamba, sehemu iliyobaki bado ina wekundu.

19:01 kidole_juu: Simu inatoa doa jeupe tu, nifanyeje?

19:01 zamu_ya_pili: @kidole_juu ukipata doa jeupe: gusa Mwezi kwenye skrini, buruta mwanga chini, egemeza simu ukutani, tumia kipima muda cha sekunde 2.

19:03 kidole_juu: Imetoka! Madoa ya Mwezi yanaonekana!