Alasiri ya Mvua Katika Barabara ya Jogoo

Kwa miaka mitatu niliyokuwa kondakta kati ya katikati ya jiji la Nairobi na Buruburu, abiria wangu wa kila siku niliwajua kwa mikono yao. Kulikuwa na mkono mweusi wenye pete ya shaba uliokuwa ukininyoshea noti iliyokunjwa mara nne, na mkono mwembamba wenye wino kidoleni, na mkono mwingine, mzee na mkavu, ambao ulinipa sarafu zilizofungwa ndani ya kipande cha gazeti, zikiwa kamili pasipo kuhitaji chenji. Sura nilizipita tu. Mtu ambaye hajawahi kufanya kazi hii huenda asiniamini, kwa sababu hudhani kwamba kondakta, aliye karibu na watu kutoka alfajiri hadi usiku, hana budi kuwafahamu. Lakini gari linapokwenda, kondakta husimama mlangoni akitazama nje, akitafuta mtu wa steji inayofuata. Na anapoingia ndani kukusanya nauli, huinama, noti akiwa amezikunja kwa urefu katikati ya vidole, huku akilini akihesabu nani ana chenji yake na nani bado. Huona viganja, magoti na mizigo.

Wale waliolipa kwa M-Pesa nao niliwajua kwa njia nyingine, ambayo ilikuwa upofu zaidi. Majina yao yalikuja kwenye simu yangu kila jioni karibu saa ileile, nikayazoea kama mtu anavyozoea majina ya vituo. Kulikuwa na Akinyi mmoja ambaye pesa zake ziliingia kila mara kabla hatujafika Muthurwa. Sikuwahi kujua ni nani miongoni mwa wanawake waliokuwa wameketi nyuma yangu.

Alasiri ninayoisimulia ilikuwa ya mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamekolea. Tangu saa saba mchana wingu lilikuwa limetanda upande wa Ngong, na sisi tunaofanya kazi Eastlands hatuhitaji redio kutuambia maana yake, kwa kuwa jiji hili limeinama kutoka magharibi kuelekea mashariki, na mvua inayonyesha huko juu huteremka kwetu hata kama juu yetu hakujadondoka tone. Maji yakifika huku hukutana na udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao ukishiba haunywi tena, na mitaro iliyojaa taka. Kwa hiyo hupanda barabarani yakakaa hapo.

Tuliondoka mjini saa tisa na nusu tukiwa na abiria thelathini na watatu, kila kiti kimejaa. Nauli ya kawaida ilikuwa shilingi 50. Mvua ilipoanza, steji nzima ilipandisha ikawa 100, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliopaza sauti wakitangaza hiyo mia. Hesabu ya mwenye gari haipungui kwa sababu ya mvua, na safari moja iliyokwama hula safari mbili ambazo hazitafanyika tena siku hiyo. Ndivyo tulivyojitetea. Bado naamini kwamba hoja hiyo ina ukweli, ila tangu siku ile siitamki kwa wepesi niliokuwa nao.

Katika Barabara ya Landhies tulikwenda hatua kwa hatua, na tulipoukaribia mzunguko wa City Stadium tukasimama kabisa. Mbele yetu maji yalikuwa yamefunika barabara kutoka ukingo hadi ukingo, yenye rangi ya chai ya maziwa, na gari dogo lilikuwa limezimika katikati yake likiwa limewasha taa za dharura. Dereva wetu alizima injini ili asichome mafuta bure. Mvua ilipozidi kuingia, nilifunga mlango, jambo ambalo mchana sikuwa nalifanya, na kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya kukaa, nikaegemea nyuma ya kiti cha dereva nikiwa nimewageukia abiria. Nadhani hiyo ndiyo iliyokuwa mara ya kwanza kwangu kusimama hivyo kwa zaidi ya dakika moja. Nyuso thelathini na tatu zilinitazama, nami sikujua nitazame wapi.

Nilianza kukusanya nauli ili nipate la kufanya. Kwenye kiti cha pili alikuwepo msichana wa shule mwenye sweta ya kijani, amempakata mdogo wake wa kiume aliyekwisha lala. Alifungua kiganja. Ndani yake mlikuwa na sarafu mbili za shilingi 20 zenye tembo, na moja ya shilingi 10 yenye simba, zote zikiwa na jasho. Nilizitazama sarafu zile kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Katiba ya 2010 ilikataza sura ya mtu yeyote kuwekwa kwenye fedha zetu, ndiyo maana sarafu zilizotolewa mwaka 2018 zina wanyama. Na mimi, niliyekuwa nikishika mamia yake kila siku, ningeweza kukuchorea yule tembo nikiwa nimefumba macho. Uso wa msichana nisingeweza. Nilipoinua macho nikaona alama ya kuungua iliyoanzia sikioni hadi karibu na taya, ya zamani, imekwisha pona. Alikuwa amepanda gari langu karibu kila jioni tangu akiwa mdogo kama huyo aliyempakata.

“Ni mia leo,” nikamwambia.

“Nilipewa hamsini asubuhi, kondakta. Hakukuwa na mvua.”

Ningependa kuandika hapa kwamba nilizipokea zile sarafu na kupita. Sikufanya hivyo. Nilisimama nikihesabu akilini, na nilipokuwa bado nahesabu, mkono mweusi wenye pete ya shaba ukaja juu ya bega la mtoto ukiwa na noti iliyokunjwa mara nne.

“Shika, mwanangu. Toa yangu na umalizie yake, umwache mtoto wa watu.”

Alikuwa mama wa Gikomba, ambaye moyoni nilikuwa nikimwita Mama Gunia kwa sababu ya mzigo wa mitumba aliouweka kila siku kwenye njia ya katikati, na ambao kila siku niliulalamikia. Ana mwanya. Ana macho ya mtu aliyezoea kucheka hata akiwa amechoka, na kope za jicho lake la kushoto zimekuwa nyeupe, zote, kana kwamba zimepakwa chokaa. Miaka mitatu sikuwa nimeliona hilo. Nilimrudishia chenji yake yote, nikazipokea hamsini za msichana, na iliyopungua nikaitoa katika posho yangu. Lakini nilifanya hivyo baada ya kutanguliwa, na aibu yake ninayo hadi leo.

Saa kumi na moja ikapita, kisha saa kumi na mbili. Vioo vilikuwa vimejaa ukungu wa pumzi. Simu yangu ililia, malipo ya Akinyi yakaingia, na papo hapo kijana aliyekuwa kiti cha nyuma kabisa, mwenye ndevu chache na ovaroli ya fundi, akainua simu yake kunionyesha kwamba amelipa. Nilimuuliza kama yeye ndiye Akinyi. Akaniambia kwamba laini ile ni ya mama yake, aliyefariki mwaka uliotangulia, na kwamba ameendelea kuitumia kwa nauli tu, pesa kidogo kidogo, ili jina lisizimike. Wenzake wa karibu walinyamaza. Sikupata la kumwambia ila pole, nikairudia mara mbili.

Aliyebaki alikuwa mzee wa sarafu za kwenye gazeti. Huyu nilikuwa na kinyongo naye. Kila jioni, tukikaribia steji yake, niliuliza kwa sauti, “Makongeni kuna mtu?” naye hakujibu kamwe, kisha tukishapita, aliinuka akigonga kiti kwa fimbo yake, na dereva akafoka, na mimi nikamfokea mzee. Mara mbili nilimshusha mbele kabisa, akarudi kwa miguu. Nilimhesabu kuwa mtu wa kiburi. Sasa nilipofika kwake nikiwa nimesimama uso kwa uso naye, nikasema kwa sauti ya kawaida kwamba nauli leo imepanda, alinitazama mdomoni, kwa makini, kama mtu asomaye maandishi madogo, kisha akanijibu mara moja.

“Nimesikia ulivyosema. Leo ndiyo nimekusikia.”

Nilimwambia sikumwelewa.

“Sikio hili lilikufa kwenye karakana ya reli, na hili lingine linalifuata,” akasema, akigusa upande wa kulia halafu wa kushoto. “Nikiuona mdomo wa mtu, nasikia. Lakini wewe, kijana, husema ukiangalia nje. Miaka yote hii sijui hata sura yako. Nakujua kwa mgongo na hiyo sare.”

Nilijitazama ile sare yangu ya damu ya mzee, iliyopauka mabegani. Basi naye alikuwa amenihesabu kwa kitambaa, kama nilivyomhesabu kwa karatasi ya gazeti. Nilimwomba radhi kwa zile siku mbili nilizompitisha. Akasema kurudi hakukuwa mbali, ila magoti yake hayakubaliani naye kuhusu umbali. Makongeni, akanieleza, alifikia katika nyumba za wafanyakazi wa reli akiwa kijana wa umri wangu, na enzi hizo angeweza kwenda mjini na kurudi kwa miguu bila kufikiria. Aliongea kwa sauti kubwa kidogo, kama waongeavyo wasiojisikia, na gari zima likamsikiliza, kwa sababu hapakuwa na jingine la kusikiliza ila mvua juu ya bati.

Karibu saa mbili usiku lile gari dogo lilisukumwa pembeni na vijana waliokuwa wakilipwa kwa kazi hiyo, na magari yakaanza kupita kwa zamu. Dereva akawasha injini. Nilifungua mlango, maji yakiwa yamefika ngazi ya chini, nikaning'inia kama kawaida yangu huku tukipita taratibu, na upande wa pili nikagonga bodi mara mbili kumwashiria aongeze mwendo.

Tulipokaribia Makongeni sikuita. Niliingia ndani, nikamwomba dereva awashe taa ya ndani, nikainama mbele ya mzee ili mwanga uniangukie usoni.

“Makongeni, baba.”

Alikuwa ameshashika fimbo yake. Mama wa Gikomba alivuta gunia lake kando bila kuambiwa, mzee akapita, na nilipomshika mkono kumteremsha aliusimamisha mguu kwenye ngazi akanitazama tena, kwa muda, kabla ya kukanyaga chini. Dereva hakupiga honi. Nilisubiri hadi avuke barabara.