Faharasa ya Kiingereza na Kiswahili kwa Wakalimani wa Nakivale: Sheria ya Kimataifa

Refugee: mkimbizi. Lazima awe amevuka mpaka.

Internally displaced person: mhamishwa wa ndani. Magazeti hupenda "mkimbizi wa ndani"; tuliache hukohuko magazetini, maana huyu bado yuko nchini mwake na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 haumhusu.

Asylum seeker: mwomba hifadhi.

Non-refoulement: marufuku ya kurudisha mtu hatarini (Ibara ya 33 ya Mkataba wa 1951). "Kutofukuzwa" haitoshi, hata kumgeuza mpakani kumo.

Accession: kujiunga na mkataba bila kuusaini kwanza, kama Uganda ilivyofanya 1976 kwa ule wa 1951. Ratification, uridhiaji, hufuata saini.

Genocide: mauaji ya kimbari. Usiweke "mauaji ya halaiki": idadi ya maiti siyo kipimo. Kipimo ni nia ya kuangamiza, kwa ukamilifu au kwa sehemu, kundi la kitaifa, kikabila, kimbari au kidini. Hata kuhamisha watoto wa kundi hilo kwa nguvu kwenda kundi jingine kunahesabika, ingawa hakuna aliyeuawa. Mhojiwa akisema "walituua wengi", tafsiri hivyohivyo. Jina la kosa si kazi yako.

Torture: utesaji. "Mateso" ni pana mno, hata njaa imo.