Karafuu za Bibi

Asubuhi ile, huko Konde kisiwani Pemba, Bibi alitandika majamvi mawili uani, akamwaga karafuu alizozichambua usiku.

Bahati, mjukuu wake, alipewa kazi moja tu: kuzilinda.

"Chunga kuku wasizichakure, mjukuu wangu, na ukiona wingu jeusi uniite," Bibi alimwambia, akachukua ndoo akaenda kisimani.

Dakika chache hazijapita, Bahati akaanza kuchoka, maana karafuu hazisemi wala hazichezi.

Eti azitazame tu, asiziguse, na harufu yote ile inamwita!

Fukuto la mchana likamlegeza, akaegemea nguzo ya baraza, akasinzia.

Ghafla alishtuka kusikia kitu kinatafuna: kwaru, kwaru, kwaru!

Huyo hapo Zuhura, mbuzi wa jirani, kasimama katikati ya jamvi kwa miguu yake yote minne, mdomo umejaa karafuu.

"Iiii, toka!" Bahati akapiga kelele, akarusha kandambili, ikapita juu ya pembe ikaenda kutua kwenye paa.

Jogoo naye akaona zamu yake imefika, akaruka jamvini na wake zake watatu.

Kila Bahati alipomfukuza mbuzi, kuku walirudi, na kila alipowafukuza kuku, mbuzi alirudi.

La kutisha zaidi lilikuwa juu: wingu zito, jeusi tititi, likija kutoka baharini.

"Mvuaaa!" aliita, kwa sauti iliyofika kisimani na kwingine kote ambako hakukusudia.

Ndipo watu wakatokea kila upande, kwani Pemba, msimu wa karafuu, neno hilo halimwachi mtu amekaa.

Omari wa dukani aliacha sukari ya watu juu ya mzani akaja mbio, penseli ingali sikioni.

Pili na Pandu, mapacha wa nyumba ya pili, wakashika ncha mbili za jamvi la kwanza, Omari na Bahati wakashika mbili nyingine.

Roho mkononi, wakalibeba hadi barazani bila kumwaga hata punje.

Sasa likabaki jamvi la pili, na Zuhura kajilaza juu yake, hataki kusikia la mtu.

"Tumbebe naye!" akasema Bibi, aliyefika akihema, kanga mkononi, ndoo kaiacha njiani.

Upande huu wakavuta, upande ule wakanyanyua, jamvi likapaa na mbuzi katikati, ametulia kama bibi harusi.

Vumbi la uani likaanza kupigwa na matone makubwa, ta, ta, ta, wakati ncha ya mwisho ilipovuka ngazi ya baraza.

Wote wakakaa chini wakitweta, wakiitazama mvua inavyomwagika.

"Yupi kati yenu aliyelala kazini?" Bibi akauliza, macho kwa Bahati, kicheko kimembana.

Zuhura ndiye aliyefungua mdomo kwanza, akapiga chafya moja kubwa, na karafuu saba zikaruka zikamwangukia Bibi mapajani.