Kwa baba muuza kahawa wa Kariakoo aliyeniokotea simu

Shikamoo baba.

Najua humu hupo. Uliniambia simu yako ni kitochi na inakutosha. Lakini vijana wa mikokoteni wanaokunywa kahawa kwako nusu yao wanashinda humu kutwa, kwa hiyo mmoja akiuona ujumbe huu naomba akusomee. Asome wote, hata pale ninapojiaibisha.

Mimi ni yule binti wa Jumamosi, mwenye dera la njano na furushi la khanga, niliyekaa kwenye benchi lako upande wa Msimbazi kusubiri kijana wa mkokoteni. Jina lako nilikuuliza mara mbili, ukaniambia "niite baba tu". Picha ukakataa. Basi sitaweka picha, na wala sitasema benchi lako liko usawa wa duka gani. Wanaokujua watakujua kwa lile dele lenye mpini uliozungushiwa waya.

Niwaeleze na wengine ilivyokuwa, maana nimeulizwa sana.

Nilikunywa vikombe viwili na kashata mbili. Simu niliiweka pajani, kijana akafika na mkokoteni, tukaanza kubishana bei ya kunipelekea mzigo Gerezani, nikainuka kwa hasira na furushi langu. Simu ikateleza ikaingia kati ya benchi na ukuta. Sikusikia kitu. Kariakoo saa tisa alasiri, na zile spika za "buku mbili, buku mbili", hata ukiangusha sufuria husikii.

Nimekuja kushtuka daladala iko Mtongani. Naingiza mkono kwenye mkoba nitoe nauli, napapasa, noti ipo, funguo zipo, simu hakuna. Nikamwaga mkoba wote mapajani mwa mama niliyekaa naye. Akaanza kunisaidia kutafuta chini ya siti, konda akaniambia "sista, hiyo imeshaenda, watu wameshaitembeza". Nikamwamini konda.

Kwenye hiyo simu kulikuwa na 1,365,000 za kikoba. Mimi ndiye mweka hazina, tuko kina mama 21, tunavunja mwezi wa kumi na mbili. Daftari letu lililowa mvua za masika, kurasa zikashikana, kwa hiyo kumbukumbu ya nani ameweka hisa ngapi na nani anadaiwa ilibaki kwenye picha nilizopiga kabla wino haujafutika kabisa. Zipo humohumo kwenye simu, kwingine hakuna. Na namba yangu ya siri, mnisamehe wanakikoba, ilikuwa mwaka wangu wa kuzaliwa. Nimeshaibadilisha, msinipigie.

Nilipofika nyumbani nikachukua simu ya mpwa wangu nikaanza kupiga. Inaita. Inaita mpaka inakata. Nimepiga mara kumi na nne. Kwa akili yangu, simu inayoita isipokelewe maana yake aliyenayo anaiangalia na anacheka. Hapo ndipo nilipoanza kuandika meseji.

Baba, vijana wakifika hapa wasiruke.

Meseji ya kwanza ilikuwa ya kistaarabu, nilisema naomba unirudishie nitakupa zawadi. Ya pili, saa kumi na dakika ishirini, nilikuita mwizi usiye na haya na nikamtaja mama yako. Ya tatu nikasema kesho alfajiri masheikh watatu wanakusomea Halbadiri, tumbo litakuvimba kama ngoma na watu wa mtaani kwako watakuja kukutazama. Masheikh wenyewe sikuwa nao. Hata nauli ya kuwafuata sikuwa nayo.

Kumbe wakati natuma yote hayo, wewe umeikuta simu ulipovuta benchi kufagia, umeifuta vumbi, umeiweka kwenye mfuko wa shati, unasubiri mwenyewe apige. Na nilipokuwa napiga, ulikuwa unahangaika nayo. Kioo cha ile simu kimepasuka kuanzia kona ya chini, na sehemu ya kuburuta kidole ili upokee imekufa kabisa. Mimi mwenyewe napokea kwa kubonyeza kidude cha kwenye waya wa hedifoni. Hedifoni zilikuwa kwenye mkoba, na mkoba uko Mbagala. Uliniambia uliburuta kidole mpaka ukakitia mate. Hata namba inayopiga hukuiona ili upige kwa kitochi chako, kwa sababu nimeihifadhi kwa jina, linatokea "Mpwa Wangu" basi.

Ila meseji zinatokea juu ya kioo hata simu ikiwa imefungwa. Ukazisoma. Zote tatu.

Sasa hiki kitu ndicho kilichonikosesha usingizi, zaidi hata ya simu yenyewe. Baada ya kusoma kwamba tumbo litakuvimba, uliona chaji imebaki asilimia tisa, ukamwachia jirani dele, ukavuka barabara mpaka kwa fundi simu, ukalipa 500 ichajiwe. Nilipokuuliza kwa nini, ulinijibu kama mtu aliyeulizwa kwa nini amefunga mlango: "Ingezima, ungenipataje?"

Mimi ningekuwa wewe, wallahi, ningeizima mwenyewe.

Fundi naye Mungu ambariki. Ulipomweleza kwamba haipokeleki, akachomeka hedifoni zake na kukwambia ikiita bonyeza hapa. Saa moja usiku, umeshaswali magharibi, watu wameshafunga maduka na wewe ulitakiwa uwe njiani Gongo la Mboto, nikapiga kwa mara ya mwisho ili nitukane kwa mdomo maana vidole vilikuwa vimechoka. Ikapokelewa. Nikafungua mdomo. Sauti ikasema taratibu: "Mwanangu, matusi yaweke kwanza, nisikilize. Simu yako ninayo, ina chaji."

Nililia. Mpwa wangu alidhani ni tapeli mwingine.

Nasema mwingine kwa sababu katikati ya hayo yalitokea mengine, nayataja harakaharaka ili yawasaidie wengine. Mpwa wangu alikuwa ameweka tangazo kwenye magrupu kwamba shangazi amepoteza simu Kariakoo, na namba ya kupiga. Haikupita nusu saa akapiga kaka mmoja mwenye sauti tamu: simu anayo, yuko Chalinze safarini, nitume 30,000 aipakie kwenye basi. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu hela. Mpwa wangu, ana miaka kumi na sita, akaninyang'anya simu na kumuuliza, "Picha ya mbele ya kioo ni ya nini?" Akasema mtoto. Kwenye kioo changu kuna picha ya cherehani. Akakata. Namba yake tumeituma 15040 kule kwa wanaoshughulikia matapeli. Kwa hiyo ukitangaza kitu kilichopotea usiseme kila kitu, bakiza alama moja moyoni mwako. Na ukitaka kujua laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, piga *106#. Namba ya utambulisho ya simu inapatikana kwa *#06#, iandike kwenye karatasi leo simu ikiwa bado mkononi. Mimi kituoni nilikuwa nimejipanga kwenda kuchukua ripoti ya upotevu na hiyo namba siijui.

Tuendelee, baba.

Jumapili asubuhi nilifika mapema kuliko wewe. Ukaja na jiko lako, ukanisalimu kama mteja, ukaweka dele chini, ukachomoa simu kwenye mfuko wa kifuani ikiwa imefungwa kwenye leso safi. Kabla hujanipa ukaniuliza picha ya mbele ni ya nini. Nikasema cherehani. Ukauliza rangi. Nikasema nyeusi, ina maua ya dhahabu yaliyofutika upande mmoja. Ndipo ukanipa. Yaani mwenye simu nimesimama mbele yako na uso umevimba kwa kilio, na bado ukanihoji. Nilitaka kucheka lakini nilikuwa na haya.

Nikapiga magoti palepale kuomba radhi ya zile meseji. Ukaniinua kwa mkono, ukasema Halbadiri haimfuati ambaye hajaiba. Ukakaa kimya kidogo, ukaongeza kwamba hata hivyo usiku ulijishika tumbo mara moja, kuangalia tu. Vijana wa mikokoteni walicheka mpaka mmoja akamwaga kahawa.

Nilikuwa na 50,000 kwenye bahasha. Hukuigusa. Nikasema basi chukua 20,000 ya watoto, ukasema watoto wameshakunywa chai. Nikakwambia sitaondoka hapa. Ukafikiri, ukaanza kuhesabu kwa vidole: chaji 500. Vikombe viwili 400. Kashata mbili 200. "Jana uliondoka hujalipa," ukaniambia. Ni kweli! Kwa kubishana na kijana wa mkokoteni niliondoka bila kulipa. Nilimwita mtu mwizi mchana kutwa na mimi ndiye mwenye deni lake.

Nikakupa noti ya 2,000 nikageuka niondoke haraka. Ukaniita. Ukafungua kopo la maziwa la kuwekea hela, ukatoa sarafu moja moja, mia tano, mia mbili, mia mbili, ukanihesabia 900 kwenye kiganja.

Wanakikoba wamekaa Jumanne. Hesabu imekamilika, picha za daftari zimeshahamishiwa kwenye simu za watu wawili wengine, na mwenyekiti ameagiza daftari jipya lenye jalada gumu. Yakazungumzwa na yako. Wengine walitaka tukununulie dele jipya. Nikawaambia atakataa. Mama mmoja mtu mzima kwetu akasema huyo haletewi zawadi, anapelekewa wateja. Kwa hiyo Jumamosi hii kina mama tunashuka Kariakoo kununua sare za kikoba, na tutaanzia kwako, wote ishirini na mmoja. Ongeza maji, na kashata ziwe nyingi. Tutalipa kabla ya kunywa.

Jambo moja la mwisho. Zile meseji tatu nilizituma kutoka simu ya mpwa wangu kwenda simu yangu, kwa hiyo nilipoifungua nilizikuta zinanisubiri mimi. Nimejisoma mwenyewe, mwizi usiye na haya, tumbo litakuvimba. Mbili nimefuta. Ile ya kwanza, ya kusema nitakupa zawadi, nimeiacha, kwa sababu hiyo bado nadaiwa.

Mwanao, yule wa dera la njano, Mbagala.