Barua kwa Mwanaidi kuhusu makato ya mshahara wake wa kwanza

Manundu, Korogwe
4 Oktoba 2024

Mwanangu Mwanaidi,

Asalaam aleikum. Sisi huku hatujambo, na mama yako amerudi salama kutoka kliniki. Picha ya hati yako ya mshahara wa Septemba uliyonitumia nimeipokea, na nimeisoma mara mbili, kalamu ikiwa mkononi. Juzi kwenye simu ulisema kwamba umeajiriwa kwa shilingi 900,000 lakini zilizoingia benki ni 519,500, na sauti yako ilikuwa ya mtu aliyeibiwa. Sikutaka kukujibu palepale, kwa sababu jambo lenye tarakimu sita haliamuliwi kwa simu. Mimi nilikuwa karani wa mishahara kwa miaka mingi, na vijana wengi wamesimama mbele ya meza yangu wakiwa na karatasi kama hiyo na uchungu kama huo. Naomba uiweke hati yako mbele yako ili twende pamoja mstari kwa mstari. Makato yako ni sita na jumla yake ni 380,500. Matano ni halali, na hesabu zake ziko sawa. Moja lina kasoro, nami nitalieleza kwa kirefu mahali pake.

Mstari wa kwanza ni NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, shilingi 90,000. Hiyo ni asilimia 10 ya mshahara wako ghafi, na mwajiri wako anatakiwa kuongeza asilimia 10 nyingine kutoka mfukoni mwake, kwa hiyo kila mwezi zinapaswa kuingia 180,000 kwa jina lako. Uliniambia kwamba mwenzako mmoja wa maabara anatafuta namna ya kuondolewa kwenye Mfuko ili apokee fedha zake zote mkononi. Usimfuate. Kwanza, sheria haimpi mfanyakazi hiari hiyo. Pili, ukiikataa 90,000 yako unaikataa na 90,000 ya mwajiri, fedha ambayo hutaipata kwa njia nyingine yoyote. Pensheni ya uzeeni hudai michango ya miezi 180, yaani miaka 15, na najua kwamba kwa msichana wa miaka 24 huo ni muda mrefu sana kuufikiria. Lakini Mfuko haungoji uzee peke yake: yapo mafao ya uzazi, ya ulemavu, ya kukosa ajira na ya warithi, na kila moja lina idadi yake ya michango inayotakiwa.

Hapa nikueleze jambo ambalo sikuwahi kukusimulia, kwa kuwa lilinitia aibu, mimi mtu wa mishahara. Nilipokaribia kustaafu nilikwenda kuomba taarifa ya michango yangu, nikakuta miezi 14 haipo. Kampuni niliyokuwa nikiifanyia kazi wakati huo ilinikata kila mwezi, na mkato ulionekana wazi kwenye hati, lakini fedha haikuwasilishwa. Makao makuu ndiyo yaliyokuwa yakipeleka michango, na sisi wa shambani tuliandaa orodha tu, tukaamini kwamba kilichokatwa kimefika. Kilichoniokoa ni zile hati za mshahara alizozihifadhi mama yako kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, zote, tangu mwezi wa kwanza. Zilinisaidia kudai, mwajiri akabanwa, akalipa, ingawa ilichukua karibu mwaka mzima wa kwenda na kurudi. Kwa hiyo ninapokuambia kwamba mkato wa NSSF ni halali, sisemi uishie hapo. Mkato kuandikwa kwenye hati ni jambo moja, na fedha kufika kwenye akaunti yako ya uanachama ni jambo jingine. Mwajiri ana mwezi mmoja baada ya mwezi wa mshahara kuwasilisha. Ifikapo Novemba, omba taarifa yako na uangalie kama Septemba imeingia, nzima, 180,000.

Mstari wa pili ni PAYE, ambayo sisi tunaiita Lipa Kadri Upatavyo, shilingi 80,500. Ulisema umesikia kwamba watu wa mshahara wako wanatozwa asilimia 25, ukaogopa kwamba mwezi ujao watakukata 225,000. Hofu hiyo haina msingi, na ni kosa ninaloliona hata kwa watu wenye shahada mbili. Kodi ya ajira hutozwa kwa tabaka. Shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi kitu. Zinazofuata, kutoka hapo hadi 520,000, hutozwa asilimia 8, nayo ni 20,000. Kutoka 520,000 hadi 760,000 hutozwa asilimia 20, nayo ni 48,000. Asilimia 25 inaanza juu ya 760,000 tu, na inagusa kile kipande kinachozidi hapo, si mshahara mzima. Ndiyo maana usije ukakataa nyongeza kwa kudhani kwamba itakupandisha daraja na kukupunguzia kinachobaki mkononi. Nyongeza hutozwa yenyewe, na fedha ya chini yake hubaki na kodi ileile.

Sasa tazama wameanzia wapi kuhesabu. Hawakuanza na 900,000. Wameondoa kwanza mchango wako wa NSSF, ikabaki 810,000, na hiyo ndiyo iliyotozwa kodi. Hivyo kipande cha asilimia 25 ni 50,000 tu, sawa na 12,500. Jumlisha 20,000, 48,000 na 12,500, utapata 80,500 kamili. Kama wangesahau kuondoa mchango kwanza, kodi yako ingekuwa 103,000, na ungepoteza 22,500 kila mwezi bila kujua. Karani wenu anaijua kazi yake, nami nimefurahi kuliona hilo. Hata hivyo, rudia hesabu hii mwenyewe kila mshahara unapobadilika.

Mstari wa tatu ndio mkubwa kuliko yote na najua ndio uliokuuma: HESLB, yaani Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, shilingi 135,000, asilimia 15 ya mshahara. Mwanangu, hili ni deni, na lina jina lako. Miaka ile mitatu ya masomo Morogoro, fedha ya chakula na malazi na sehemu kubwa ya ada haikutoka kwangu. Pensheni yangu isingeweza, na mahindi ya mama yako yasingeweza. Ulitazamia kwamba wangekuacha kwanza ujipange, lakini ukiajiriwa, mwajiri anawajibika kuiarifu Bodi ya Mikopo ndani ya siku 28 na kuanza kukata. Wapo wanaojificha kwa kubadilisha kazi au kukana kwamba walikopeshwa. Wewe usiingie huko. Kuna faraja moja ya kweli: ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikilifanya deni lipande huku mtu akilipa, iliondolewa mwaka 2021. Taarifa uliyonionyesha inasema unadaiwa 9,720,000. Kwa 135,000 kwa mwezi ni miezi 72, yaani miaka sita, na itapungua mshahara ukipanda kwa sababu mkato ni asilimia. Andika nyuma ya daftari lako mwezi wa mwisho unaoutarajia. Ukifika, hakikisha mkato unakoma na uombe hati ya kumaliza deni, kwa sababu ukinyamaza karani anaweza kuendelea kukata kwa mazoea.

Mstari wa nne ni NHIF, bima ya afya, shilingi 27,000. Ni asilimia 3, na mwajiri anaongeza 3 nyingine. Ulisema huugui, basi bima ya nini? Mchango huo haukufuniki wewe peke yako. Unamfunika mchangiaji, mwenza wake atakapokuwapo, na wategemezi wasiozidi wanne, wakiwamo wazazi. Sikuandikii kukuomba, na ukiwa na sababu ya kutofanya hivyo sitauliza. Lakini unajua kwamba mama yako anahudhuria kliniki ya shinikizo la damu katika hospitali ya Bombo kila mwezi, na dawa tunanunua kwa fedha taslimu. Fomu ya wategemezi iko kwa ofisa utumishi wenu.

Mstari wa tano, TUICO, shilingi 18,000, ni ada ya chama cha wafanyakazi, asilimia 2. Ulisema hukumbuki kujiunga, ila kwenye bahasha ya mkataba wako nimeona nakala ya fomu ya TUF 6 yenye sahihi yako. Umejiunga siku ileile uliyosaini mkataba, bila kusoma. Unaweza kujitoa kwa notisi ya maandishi ya mwezi mmoja kwa chama na kwa mwajiri. Ushauri wangu ni kwamba ubaki, na sababu ya kwanza iko kwenye mstari unaofuata.

Mstari wa sita umeandikwa kwa ufupi: "Viatu na koti", shilingi 30,000. Huu ndio wenye kasoro. Viatu vya usalama na koti la maabara ni vifaa vya kinga vya kazi yenyewe, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imeuweka mzigo wa kuvitoa kwa mwajiri. Aidha, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kukata mshahara atakavyo: mkato ama uwe umeagizwa na sheria, ama mfanyakazi awe ameukubali kwa maandishi. Nimepekua mkataba wako kurasa zote na sikuona mahali ulipokubali. Usiende kwa hasira, wala usianze kulizungumza kantini. Nenda kwa ofisa utumishi, umwombe kwa adabu akuonyeshe karatasi uliyoikubali. Inawezekana kabisa kwamba ni makosa ya aliyeingiza hesabu, na watakurudishia Oktoba. Ukijibiwa "ndio utaratibu wetu", andika barua fupi, ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa, kisha umwone mwakilishi wa chama hapo kiwandani. Kwa kazi hiyo ndiyo unamlipa 18,000.

Kama umesikia wenzako wakitaja SDL, ile tozo ya kuendeleza ufundi stadi, na WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, hayo hayapo kwenye hati yako na hayatakiwi kuwapo. Ni malipo ya mwajiri mwenyewe. Siku yoyote yakikatwa kwako, nipigie siku hiyohiyo.

Ukiondoa ile 30,000, kinachopaswa kubaki mkononi ni 549,500, na hicho ndicho ukipangie, si 900,000. Kodi ya chumba cha Tabata ni 120,000, na nauli unaijua mwenyewe. Kwa miezi hii mitatu usitume chochote nyumbani. Mama yako amekubali, ingawa kwa shida.

Hati hii ya Septemba ichapishe, kwa sababu picha ya simu hupotea na simu. Nimekununulia faili la kijani. Shangazi yako anakuja Dar Jumamosi na basi la asubuhi, atakuletea pamoja na unga na nakala ya cheti cha kuzaliwa, ambayo huenda wataidai kwenye ile fomu ya wategemezi. Mpokee kituo cha mabasi cha Magufuli, kwa kuwa haijui njia ya Tabata.

Baba yako,
Mzee Hamisi