Mpango wa Ukaguzi na Upimaji: Uchomeleaji wa Fremu za Chuma, Ghala la Korosho, Mtwara

Hati MUU-07, toleo la 1. Unahusu fremu 7 zenye nguzo 14, kazi yote ikifuata AWS D1.1.

ZUIO: kazi inasimama hadi mhandisi mshauri atie saini.
SHUHUDIA: mhandisi anaarifiwa saa 24 kabla, asipofika, kazi inaendelea na kutofika kwake kunaandikwa. ZUIO haliondolewi kwa simu wala kwa neno la mdomo, ni kwa maandishi tu.

1. Kabla ya kuanza (ZUIO). Vyeti vya chuma vilingane na namba za heat zilizogongwa kwenye mabamba. Utaratibu wa kuchomelea uwe umethibitishwa kwa jaribio. Welda ambaye hajachomelea kwa mchakato husika zaidi ya miezi 6 hupimwa upya.

2. Vijiti vya E7018 (SHUHUDIA, kila asubuhi). Hewa ya pwani ina unyevu, na kijiti kilichonyonya unyevu huingiza haidrojeni ndani ya mshono. Ufa wake huweza kutokea saa nyingi baadaye, welda akiwa ameshaondoka. Vijiti vikitoka kwenye pakiti vikae ovenini kwa 120°C au zaidi, na visikae nje zaidi ya saa 4. Kijiti kilicholowa maji hutupwa, hakianikwi juani. Rekodi: daftari la oveni, saa ya kutoka na jina la aliyechukua.

3. Upangaji wa viungo. Viungo vya nguzo na boriti vinavyopenya unene wote: ZUIO. Pembe ya V ni 60°, nafasi ya mzizi 2–3 mm, bila kutu wala mafuta. Mishono ya kona: SHUHUDIA. Nafasi ikizidi 2 mm, mguu wa mshono uongezwe kwa kiasi cha nafasi hiyo. Ikizidi 5 mm, kipande kirudishwe.

4. Mgongo wa mshono (ZUIO). Upande wa kwanza ukijaa, fundi anachimba upande wa pili kwa grenda hadi chuma safi king'ae, kisha rangi nyekundu ya kupenya inapakwa, inafutwa, na dawa nyeupe inapuliziwa juu yake. Mstari mwekundu ukijitokeza kwenye dawa nyeupe, uchimbaji unaendelea. Hapa naomba pasiharakishwe: mshono ukifungwa, macho hayaoni tena kilichobaki ndani.

5. Ukaguzi wa macho, mishono yote (SHUHUDIA). Ufa haukubaliki, hata wa milimita moja. Miguu hupimwa kwa geji ya weldi.

6. Altrasoniki (SHUHUDIA). Viungo vyote vya hatua ya 3 vinavyopenya unene wote, saa 48 baada ya kuchomelea.

7. Marekebisho (ZUIO). Kila kasoro ifunguliwe ripoti. Kiungo kikishindwa mara ya pili, mhandisi ndiye anayeamua.

8. Kabla ya rangi ya msingi (ZUIO). Faili la kila fremu liwe na ramani ya mishono, namba ya welda kwa kila kiungo, mfano kiungo N07-M1, ripoti za vipimo na za marekebisho. Fremu isiyo na faili kamili haipakwi rangi wala haipandi lori.